Onja jua la Dodoma: maneno matatu yaliyokataa kuingia kwenye Kiarabu

Bango lililoletwa mezani kwangu halikuwa na kosa hata moja la sarufi, na hicho ndo kilifanya kesi iwe ngumu kuielezea kwa mwenye mali.

Mwenyewe ni mama mmoja wa upande wa Hombolo, ana kikundi kinakausha zabibu na kuzipaki kwenye mifuko ya nusu kilo. Walikuwa wamepata nafasi ya banda kwenye maonyesho ya vyakula huko Muscat, wakatengeneza bango la Kiswahili zuri kweli, zabibu nyeusi zimejaa kiganjani kwa mtu, nyuma yake mwanga wa saa kumi jioni, halafu juu kwa herufi nene: "Onja jua la Dodoma". Mimi nilipoisoma nilipenda, sina haja ya kuficha. Ni maneno manne ila la kati ni kiunganishi tu, yanayobeba mzigo ni matatu, onja, jua, Dodoma, na kila moja linafanya kazi. Unasikia utamu, unasikia joto lililoukausha, unajua umetoka wapi.

Kuna mtu alikuwa ameshawatafsiria kabla yangu, akawapa hii:

ذوقوا شمس دودوما

Inasomeka "dhuuku shamsa Duduma", na ukirudisha kwa Kiswahili neno kwa neno unapata "onjeni jua la Dodoma". Sahihi kabisa. Mama alikuja kwangu kwa kuhakiki tu kabla ya kuprinti, akaniambia, "Mwalimu, angalia tu kama hakuna nukta imekosewa, kesho asubuhi fundi anaanza kazi." Nukta hazikuwa zimekosewa. Nikamwambia mama, tafadhali asiprinti kesho.

Nianze na neno la kwanza maana ndo lilinishtua mimi niliyekulia madrasa ya Kondoa. Kitenzi chenyewe, dhaka, ni kuonja, hakina ubaya, na kwenye Qurani kipo hata kwa kuonjeshwa rehema. Lakini amri ile, "onjeni!", kwa mtu aliyezoea Qurani ina sauti yake maalumu, maana mara nyingi mno inakuja kwa watu wa motoni wakiambiwa waonje adhabu. Sura ya Al-Qamar aya ya 48 inasema "dhuuku massa Sakar", yaani onjeni mguso wa Sakar, na Sakar ni jina la moto. Sasa weka hiyo pembeni ya "dhuuku shamsa Duduma". Mdundo ule ule, amri ile ile, halafu neno linalofuata ni jua. Sisemi kwamba Mwarabu akiona "dhuuku" kwenye tangazo la chakula atakimbia, wapo wanaoitumia na maisha yanaendelea, ila hapa imekaa na kitu cha moto na ndo inawasha ile kumbukumbu. Kwenye menyu na mabango utakuta zaidi "tadhawwak", تذوّق, neno la mzizi ule ule ila la kuonja kwa kufurahia, au "jarrib", جرّب, jaribu. Kwa hiyo neno la kwanza linarekebishika, ukitoa dhuuku ukaweka tadhawwak tatizo limepungua.

Neno la pili ndo halirekebishiki kwa kubadilisha kitenzi. Jua. Kwetu huku jua ni sifa, mkulima wa zabibu wa Dodoma anajua kabisa kwamba ukavu huu tunaolalamikia kwenye mahindi ndo unaoitia zabibu sukari, na ndo maana anavuna mara mbili kwa mwaka. Ukimwambia mtu wa Dodoma "jua la Dodoma" anasikia kwao. Muscat kiangazi kinapita nyuzi 40, watu wanapanga siku yao nzima kulikwepa jua, wanahama kutoka kwenye gari la kiyoyozi kwenda duka la kiyoyozi. Ukitaka kumfurahisha mtu wa huko kwenye bango unamwonyesha kivuli, maji, mvua. Wala siyo suala la lugha hili, shams ni jua na jua ni shams, kamusi zote zinakubaliana, ila hisia iliyobebwa na neno haikupanda ndege pamoja na neno. Na slogani inaishi kwa hisia, ukiitoa hiyo unabaki na taarifa ya hali ya hewa.

Neno la tatu nililiacha la mwisho kumwonyesha mama, kwa sababu nilijua litamuuma. Dodoma.

Kwa Kiarabu Dodoma inaandikwa دودوما, ndo tahajia iliyozoeleka kwenye ramani na habari. Herufi za Kiarabu nyingi zinashikana, ila zipo chache ambazo hazishiki inayofuata, na dali na wau ni miongoni mwake. Angalia jina letu limejengwa na nini: dali, wau, dali, wau, halafu mimu na alifu. Zile nne za mwanzo zote zinasimama peke yake peke yake, na mimu na alifu zinashikana mwishoni. Maana yake ni kwamba jicho halina kamba ya kuonyesha neno linaanzia wapi na kuishia wapi zaidi ya nafasi kati ya herufi. Ukiliandika kwa herufi kubwa za bango na fonti yenye nafasi pana, linaweza kusomeka hivi:

دود وما

Na دود, "duud", ni funza. Minyoo. Mswahili hata hahitaji kufafanuliwa, sikio lenyewe linaenda kwenye dudu na mdudu. Sasa bango la zabibu kavu, bidhaa ambayo mnunuzi wa kwanza kabisa anaipasua katikati kuangalia kama ina wadudu, limeandika juu kwa herufi za sentimita 20 kitu kinachoanza na funza.

Nilimwonyesha dizaina, dogo mmoja ana ofisi yake karibu na Barabara ya Saba, nikamwambia afungue faili aongeze nafasi ya herufi kidogo tu, kama alivyofanya kwenye bango la Kiswahili ili lipendeze. Akaongeza. Dali ya pili ikasogea mbali na wau, na pale pale neno likawa mawili. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, haongei Kiarabu, ila aliona kwa macho pengo lilivyojitokeza katikati ya jina la mji wake. Akakaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo Dodoma siwezi kuiandika?" Nikamwambia, mama, kuiandika unaiandika, ila isiwe ya kwanza kuonwa, na isiwe peke yake. Ukitanguliza "madiina", مدينة, yaani mji, msomaji anajua kinachofuata ni jina la mahali na macho yake hayaendi kutafuta neno la kawaida ndani yake. Na herufi zibane, nafasi isiongezwe hata kidogo.

Hapo maneno matatu yote ya slogani yakawa yameanguka, na ilibidi nimweleze mama kwa nini sileti "marekebisho" bali naomba kuandika upya. Nikamwambia waziwazi kwamba kwenye bango kuna maandishi ya aina mbili na hayatafsiriwi kwa sheria moja. Kichwa cha juu kazi yake ni kumsimamisha mtu, hapo maana ya neno kwa neno ni kitu cha kwanza kutolewa kafara ikibidi. Ila mistari midogo ya chini, inayosema bidhaa ni nini na ina nini, ile ni ahadi, mtu anaweza kuishika mkononi akakudai nayo, hapo hutakiwi kurembesha hata robo. Kilichonisikitisha kwenye ile tafsiri ya kwanza ni kwamba juu palipohitaji uhuru alifuata neno kwa neno, na chini palipohitaji usahihi alifuata neno kwa neno pia, na kote kukaharibika.

Maana chini bango la Kiswahili lilisema "haina sukari". Sisi wenyewe tukisoma tunaelewa, anamaanisha hawajaongeza sukari, nani asiyejua zabibu ni tamu. Tafsiri ikaandika خالٍ من السكر, "khaalin mina ssukkar", yaani haina sukari kabisa, na hayo ndo maneno yanayokaa kwenye soda na biskuti za watu wa kisukari. Zabibu kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari yake ya asili. Kwa hiyo mtu anayepima sukari kila asubuhi angesoma bango lile akanunua kwa nia njema. Hapo sikutoa chaguo mbili, nilibadilisha papo hapo kuwa بلا سكر مضاف, "bilaa sukkar mudhaaf", bila sukari ya kuongezwa. Maneno ni matatu kama yale yale ya mwanzo, nafasi haikuongezeka.

Vilevile kulikuwa na "zimekaushwa juani". Nikamuuliza mama zinakaushwaje hasa, akasema wana kaushio la nailoni ngumu, zabibu zinatandazwa kwenye wavu ndani, joto linaingia vumbi haliingii, na kila kilo nne hivi za zabibu mbichi zinatoa kilo moja kavu. Sasa "tahta shshams", chini ya jua, Mwarabu anaona mkeka umetandazwa uwanjani na inzi wanazunguka. Kumbe ukweli wenyewe ni mzuri zaidi ya kilichoandikwa. Nikaweka بحرارة الشمس, "bi haraarati shshams", kwa joto la jua. Na jua la mama likapata pa kukaa, chini pale, kama taarifa ya namna zilivyokaushwa, bila kumwambia mtu alionje.

Sasa nirudi juu, kwenye kichwa, maana hapo ndo nililala nako siku mbili.

Kuna wazo lilinijia usiku wa kwanza na nilidhani nimemaliza kazi:

من كرم دودوما

Kiarabu cha kawaida hakiandiki irabu fupi, kwa hiyo haya maneno yanasomeka kwa njia mbili. Ukisoma "min karmi Duduma" ni kutoka shamba la mizabibu la Dodoma. Ukisoma "min karami Duduma" ni kutoka kwenye ukarimu wa Dodoma, karam ile ile tuliyotoa mkarimu na ukarimu sisi. Herufi zile zile, shamba na ukarimu kwa pamoja. Kwa mtu wa kazi hii huo ni utamu, maana umepata mchezo wa maneno ambao hata Kiswahili hakikuwa nao, na una heshima ndani yake, mgeni anakaribishwa.

Asubuhi nikaanza kuubomoa mwenyewe. Kwanza ipo hadithi kwenye Bukhari na Muslim, Mtume anakataza zabibu kuitwa karm, anasema karm ni moyo wa muumini. Wanazuoni wengi wameichukulia kama karaha na adabu ya maneno, siyo haramu, na leo hii neno "kuruum" kwa mashamba ya mizabibu linatumika kila mahali. Lakini sababu inayotolewa na washereheshaji ndo ilinirudisha nyuma: wanasema Waarabu wa zamani waliuita mzabibu karm kwa sababu pombe yake ilidhaniwa inamfanya mtu awe mkarimu. Na kwenye mashairi ya kale "binti wa karm" ni mvinyo. Yaani mchezo wangu wa maneno, ule ule uliokuwa unanifurahisha, umesimama juu ya mvinyo. Na Dodoma inajulikana kwa nini, kama siyo mvinyo? Mnunuzi wa Oman akiingia kwenye simu yake akatafuta zabibu za Dodoma, kitu cha kwanza atakachokutana nacho ni chupa. Hao kina mama wanahangaika kuuza zabibu za kula, halafu bango lao liwape wageni mlango wa kwenda huko? Nikaufuta. Ni mchezo mzuri, ungefaa kwenye kitabu au kwenye mazungumzo na mshairi, siyo kwenye ukuta wa banda la chakula.

Kilichonisaidia kupata kilichofuata ni kuacha kutafuta "jua" na "onja" na kujiuliza ile slogani ya Kiswahili inadai nini hasa. Inadai kwamba utamu huu haukutengenezwa na mtu, umetoka kwenye hali ya asili. Hilo ndo wazo, jua lilikuwa picha yake tu. Sasa Kiarabu kinasemaje kitu ambacho sifa yake haikutoka nje? Kinasema "minhu wa fiih", kutoka kwake na ndani yake. Kwenye kusikia kipo karibu na "minnaa wa fiinaa" ambayo watu wanaisema kila siku kwa mtu aliye wa kwetu, damu yetu. Nikaandika:

حلاوته منه وفيه

"Halaawatuhu minhu wa fiih." Utamu wake umetoka kwake na umo ndani yake.

Angalia kwa macho hata kama husomi: maneno ni matatu na kila moja linaishia na herufi ile ile, ه, ile yenye tundu. Ni vina vya kuonekana kabla havijasikika, na kwenye bango hilo ni jambo kubwa maana watu wanaliangalia kabla ya kulisoma. Kwa sauti pia limekaa, refu, fupi, fupi, kama mtu anayeshuka ngazi. Na kuna faida nyingine niliyoipenda zaidi: msomaji wa kusoma kwa lahaja yake atasema "halawtah minnah u fiih" na wa fus-ha, Kiarabu sanifu, atasema vyake, herufi hazibadiliki. Halafu amri imeondoka kabisa, kwa hiyo ule usumbufu wa Kiarabu wa kuchagua unaongea na mwanaume, mwanamke au kundi umekwisha pia, hakuna anayeamrishwa.

Kilichopotea nakitaja maana mama alinidai. Jua halipo juu. Dodoma haipo juu. Mama aliuliza, "Sasa mwalimu, watajua ni zetu?" ni swali la haki kabisa, mtu ametoka Hombolo na zabibu zake anataka Hombolo ionekane. Nilimwandikia karatasi ya safu tatu, Kiarabu, neno kwa neno kwa Kiswahili, na kwa nini nimechagua hivyo, akakaa nayo siku nzima. Bila karatasi ile asingekubali, na angekuwa na haki, maana anaprinti kitu asichoweza kukisoma kwa jina lake. Kuhusu malipo alitaka tuhesabu kwa neno, akasema maneno ni matatu tu. Tulielewana kwa saa nilizotumia.

Kabla ya kukubali kabisa tulijaribisha. Dogo alinipa namba ya ndugu yake wa ukoo aliyepo Muscat, akaisifu, akaipenda hata ile ya kwanza ya jua. Hapo nikasita, kwa sababu jamaa anaongea Kiswahili, kama familia nyingi za Oman zenye asili ya huku, na akiona Dodoma anaiona Dodoma siyo funza, na jua la Dodoma analikumbuka. Huyo hawezi kukupimia. Nikatafuta wasioongea Kiswahili hata neno, rafiki zangu wawili niliosoma nao Khartoum ambao sasa wanafanya kazi Ghuba. Niliwatumia picha kwa wasap nikawaomba waangalie sekunde tatu tu wafunge, waniambie kinauzwa nini na wamejisikiaje. Kwa ile ya kwanza mmoja aliandika "kitu cha utalii wa jangwani?", mwingine akauliza neno la mwisho ni nini. Kwa ya pili wote wawili walisema zabibu, na mmoja akaongeza "hazina sukari ya kuongeza, siyo?" kabla hajafika mstari wa chini. Kichwa kilikuwa kimeshasema.

Kwenye kuprinti kulikuwa na mambo mawili tu. Programu ya zamani ya fundi haikushika Kiarabu, ikazitenganisha herufi na kuzigeuza kushoto kulia. Asiyesoma anakagua hivi: aangalie neno زبيب, herufi tatu za mwisho lazima ziwe zimeshikana kwenye mstari mmoja, akiona ز ب ي ب zimeachana ajue faili limeharibika. Asikague kwa jina la Dodoma, maana lenyewe limeachana hata likiwa zima, litamdanganya. Tulimtumia faili la PDF lenye maandishi yaliyogeuzwa kuwa michoro, tatizo likaisha. La pili, zile picha tatu za chini, zabibu mbichi, kaushio, pakiti, zilipangwa kushoto kwenda kulia, kwa msomaji wa Kiarabu pakiti ilikuwa inageuka kuwa zabibu mbichi. Dogo akazipindua.

Bango lilitoka na maandishi haya:

حلاوته منه وفيه
زبيب تنزاني مجفّف بحرارة الشمس، بلا سكر مضاف
إنتاج مدينة دودوما – تنزانيا

Mama aliporudi alikuja na ombi jipya, wanaanza juisi ya zabibu na anataka kichwa kile kile kwa sababu kimeshazoeleka. Neno la bidhaa lenyewe inabidi libadilike, maana zabibu yetu ni mbichi na kavu, ila زبيب ya Waarabu ni kavu tu, mbichi ni "inab", عنب, ukiandika juisi ya zabiib umewaambia ni maji ya zabibu kavu zilizolowekwa. Hilo ni dogo. Nilimuuliza juisi inawekwa nini, akasema maji kidogo na tindikali ya ndimu ili isiharibike. Basi "minhu wa fiih" haiwezi kukaa pale, mama, nikamwambia, ladha yake siyo yake peke yake tena. Tumekubaliana niitafutie kichwa chake.